Mgomo Umesitishwa, Vipindi Je? Tangazo la Mwalimu Mkuu na Hesabu Iliyo Nyuma Yake

Jumatatu ya tarehe 30 Julai 2012 walimu wa Tanzania Bara waliitikia wito wa chama chao, CWT, wakaacha kuingia madarasani. Dai kubwa lilikuwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 100. Alkhamisi, tarehe 2 Agosti, Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, ikasema mgomo ule si halali na walimu warudi kazini. Hesabu ya haraka inaonesha siku nne za masomo, lakini mwalimu mkuu aliyefungua skuli yake baada ya hapo alikuwa na zaidi ya siku nne mikononi: walimu waliorudi kwa amri, wanafunzi waliotawanyika, na wazazi waliotaka kujua mtoto atarudishiwa lini alichokosa.

Mgomo ule haukutuhusu sisi wa Unguja na Pemba. Elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, tuna Wizara yetu, na walimu wetu wana chama chao, ZATU. Lakini mwalimu mkuu wa Visiwani asingojee yamkute ndipo ajifunze kuandika tangazo, kwa sababu kuna jambo moja linalotubana sisi kuliko wenzetu. Mtihani wa Kidato cha Nne ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na hilo ni la Muungano. Kenya, mgomo wa wiki tatu wa Septemba 2012 ulipokwisha, serikali iliweza kuusogeza mtihani wa darasa la nane hadi Desemba. Skuli moja ya Mji Mkongwe, hata ikipoteza wiki mbili, haiwezi kutarajia Baraza liwasogezee watoto wa nchi nzima tarehe. Kwa hiyo vipindi vitafutwe ndani ya siku zilizobaki.

Anza na neno la kwanza la tangazo. Mgomo "umemalizika" au "umesitishwa"? Haya si maneno mawili ya jambo moja. Septemba 2015 mahakama ya kazi ya Kenya iliusitisha mgomo wa walimu kwa siku 90. Mwalimu mkuu aliyewaambia wazazi kuwa umekwisha aliwaahidi kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekiahidi. Tazama waraka ulioupata: umetoka kwa mwajiri, kwa chama, au ni amri ya mahakama? Neno lililomo humo ndilo uliandike, pamoja na nani aliyelisema na tarehe. Kama ulilonalo ni ujumbe wa simu uliopitishwa mkono kwa mkono tu, usitangaze kitu. Mpigie Afisa Elimu wa Wilaya kwanza.

Tangazo hilo la siku ya kwanza liwe fupi: mgomo umesitishwa na nani, wanafunzi waje lini na saa ngapi, na siku ambayo mtatangaza ratiba ya kufidia. Basi. Wengi huharibu hapa. Kwa kutaka kuwatuliza wazazi wanaandika papo hapo kuwa "masomo yote yatafidiwa kila Jumamosi", na hawajazungumza na mwalimu hata mmoja. Mwalimu aliyerudi jana na dai lake halijajibiwa, akisoma kwenye ukuta wa duka kuwa atafundisha Jumamosi bila ya kuulizwa, atafundisha kweli, lakini utaona mwenyewe atakavyofundisha. Kaa na walimu kabla ya kukaa na wazazi. Waulize nani ataweza na siku gani, na usiwaahidi posho ambayo haimo katika fungu la skuli.

Wiki ya kwanza ni ya kuhesabu. Chukua skuli ya mfano pale mjini, yenye mikondo miwili, asubuhi na mchana. Imepoteza siku nane: wiki moja nzima, kisha Jumatatu hadi Jumatano ya wiki ya pili. Ratiba ina vipindi 7 vya dakika 40 kwa siku, isipokuwa Ijumaa ambayo ina 5 kwa sababu ya sala. Wiki ni vipindi 33, na siku tatu nyengine ni 21. Kila darasa limekosa vipindi 54.

Ukiwaambia wazazi kuwa utarudisha vipindi 54 umejifunga kamba, maana si vyote vinavyostahili kurudishwa. Kila mwalimu afungue azimio lake la kazi aoneshe siku zile nane alipanga kufundisha nini. Mwalimu wa Hisabati wa Kidato cha Nne, kwa mfano, amekosa vipindi 10. Katika hivyo, viwili vilikuwa vya marudio na kimoja cha jaribio, hivyo vimekwenda. Vimebaki 7 vya mada mpya. Anaona kuwa kimoja kinaweza kuunganishwa na kipindi cha wiki ijayo bila ya kumbana mtoto. Anadai vipindi 6. Fanya hivyo kwa kila somo, ujumlishe. Tuseme Kidato cha Nne kimefika 31. Hiyo ndiyo namba ya kuandika katika tangazo.

Sasa utaviweka wapi? Skuli ya mkondo mmoja ingeongeza kipindi kila mchana ikamaliza. Ya mikondo miwili haiwezi, kwa sababu kengele ya mwisho ya asubuhi ikilia, wenzao wa mchana wako mlangoni. Inabaki Jumamosi na siku za mapumziko. Na Jumamosi kwetu ina mwenyewe: vyuo vingi vya Kurani hupumzika Alkhamisi na Ijumaa, Jumamosi mtoto yuko chuoni. Nenda ukazungumze na maalim wa mtaa kabla hujapanga. Mara nyingi atakubali kuwahamishia vijana wa Kidato cha Nne darasa lao baada ya alasiri, ilimradi ameombwa na wala hakushtukizwa.

Katika mfano wetu, Jumamosi moja ina nafasi ya vipindi 5, kuanzia saa 2:00 hadi saa 5:40 pamoja na mapumziko ya dakika 20. Vipindi 31 vingetaka Jumamosi saba, na huo ni mzigo ambao hakuna atakayeubeba hadi mwisho. Ya nne hivi darasa litaanza kupukutika. Ukichukua siku 3 za mapumziko ya katikati ya muhula unapata vipindi 15, vinabaki 16. Jumamosi nne zinatoa 20. Nafasi nne za ziada ziache kwa jaribio na kwa siku ambayo mvua itawazuia watu.

Hapo tangazo la pili linaandikika, nalo laweza kuwa hivi:

"Assalamu alaykum wazazi na walezi. Baada ya mgomo kusitishwa, walimu wamepitia maazimio yao ya kazi. Kidato cha Nne kinahitaji vipindi 31 vya mada ambazo hazikufundishwa. Vitafundishwa Jumamosi nne, tarehe 9, 16, 23 na 30 mwezi huu, saa 2:00 hadi saa 5:40 asubuhi, na siku tatu za mapumziko, tarehe 1, 2 na 3 mwezi ujao, kwa saa hizo hizo. Hakuna mchango wowote utakaotozwa. Kidato cha Kwanza na cha Tatu hawatokuja Jumamosi. Mada zao zitaingizwa katika vipindi vya kawaida, na zitakazobaki zitaandikwa na kukabidhiwa mwalimu wa mwaka ujao. Kidato cha Pili, kwa sababu ya mtihani wao wa Baraza la Mitihani la Zanzibar, watapata ratiba yao Jumatatu. Mwenye mtoto ambaye hajarudi skuli atupe habari ofisini."

Hakuna humo neno la kumlaumu mwalimu wala Serikali. Mwalimu mkuu ni mtumishi wa mwajiri na ni mwalimu mwenza wa waliogoma, na sentensi moja ya kejeli itakumbukwa muda mrefu kuliko ratiba. Pia tangazo linasema wazi nani hatarudishiwa. Wazazi wa Kidato cha Kwanza watanung'unika, lakini bora wanung'unike leo kuliko kungoja Jumamosi isiyokuja.

Lisome mbele ya wanafunzi, libandike ubaoni, lipeleke kwa masheha wa shehia wanakotoka watoto, na uombe lisomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Kundi la wazazi la simu linasaidia, ila ndimo tangazo linamokatwa vipande na kuongezwa chumvi; piga picha karatasi yenye muhuri uitume hiyo.

Sentensi ya mwisho ya tangazo, ile ya mtoto ambaye hajarudi, si ya adabu tu. Siku nane zinatosha kwa kijana wa Nungwi kupata kazi ya kutembeza wageni, au wa Jambiani kwenda dago na wajomba zake, au msichana wa Paje kuingia katika mwani wa mama yake. Daftari la mahudhurio la siku tatu za mwanzo ndilo litakalokuonesha. Asiyeonekana siku ya nne, andika jina lake na umpelekee sheha siku hiyo hiyo. Wiki ya tatu mtoto ameshazoea pesa yake.

Likishatolewa tangazo, kosa linalofuata ni kufukuza silabasi. Mwalimu anajaza ubao, watoto wananakili, azimio linawekwa tiki, na namba ya vipindi vilivyobaki inashuka vizuri sana ofisini. Utalijua kwa kufungua madaftari matano ya darasa moja, bila ya kuchagua. Ukiona kurasa za maelezo zinazofuatana, hakuna zoezi wala kalamu ya mwalimu iliyosahihisha, kipindi hicho hakikufidiwa. Dawa ni ndogo: kila baada ya vipindi vitano vya fidia, maswali kumi ya dakika 20 juu ya mada hizo tu. Zaidi ya nusu ya darasa wakikosa, mada irudiwe, na hapo ndipo zile nafasi nne za ziada zitakapofanya kazi.

Karatasi yenye namba 31 ibaki kwenye ubao wa nje, mahali mzazi anapopita. Kila Jumamosi mchana msaidizi wako aikate aandike iliyobaki, 26, 21, 16, na chini yake aweke saini.