Dondoo muhimu: Mwenzako anapoacha sigara

Siku 3 za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Mwili unadai nikotini, kwa hiyo tarajia hasira za ghafla, njaa na usingizi wa mang'amung'amu. Mengi ya hayo hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Usiyageuze kuwa ugomvi wa ndoa.

Hamu yenyewe hupanda na kushuka kwa dakika chache tu, na mara nyingi huja baada ya kula, chai ikiwa mezani. Badala ya kuuliza "Leo hujavuta?", sema: "Baba Asha, hebu twende hadi dukani mara moja." Mkirudi, huenda imeshapita. Au muulize: "Nikae nawe, au nikuache kidogo?"

Kunusa shati lake na kumpekua mifukoni acha kabisa. Kunamfundisha kuficha tu. (Wala usimtangaze kwa mashemeji.) Akiteleza akavuta moja, usimwambie "Nilijua tu huwezi." Muulize: "Ulikuwa wapi, na nani?" Akisema ni kijiweni jioni, pangeni kesho apite njia nyingine. Nawe ukiwa mvutaji, usiache pakiti wala kibiriti ndani.