Frem ya ndani haipati wateja? Pima korido kabla ya kulaumu bei

Leo tuache picha na matangazo kidogo, tuongelee miguu ya wateja.

Mimi nilianza kuuza nguo za watoto mtandaoni nikiwa na begi tu. Baadaye nikachukua frem hapa Korogwe ili mteja aliyeagiza awe na pa kuchukulia mzigo. Ilikuwa frem ya mwisho ndani ya korido, kodi nafuu. Kumbe unafuu ulikuwa na sababu. Mteja anapiga simu: "Dada, nipo hapa nje, sikuoni." Namwambia aingie ndani. Anachungulia, anaona giza na ukuta mwishoni, anasema, "Basi nitumie na boda." Hela ya boda inakula faida yangu, na zile nguo nyingine ambazo angeziona dukani hakuziona.

Jumamosi moja nikakaa na daftari saa nzima. Walioingia kwenye korido walikuwa tisa, waliofika kwangu wawili. Barabarani watu walikuwa wanapita muda wote. Kwa hiyo watu wapo, ila njia yetu haikuwa inakwenda popote. Mtu mwenye haraka haingii asikoona pa kutokea.

Jambo hili liliwakuta hata wakubwa. Pale Ilala, Dar es Salaam, karibu na Karume, lilijengwa jengo la ghorofa la Machinga Complex kwa mkopo wa NSSF ili wamachinga watoke barabarani. Vizimba vya juu vilikaa vitupu muda mrefu, na wengi wakaendelea kuuza mitaani. Mteja wa machinga ananunua akiwa njiani kwenda kwenye shughuli zake. Ukimwambia apande ngazi, hapo siyo njiani tena.

Sasa turudi kwetu. Jengo letu lina upana wa mita 12 mbele na urefu wa mita 15 kwenda ndani. Frem zipo nane, nne kila upande, na korido katikati ilikuwa mita 1.5. Nyuma ya ule ukuta kuna njia ya miguu ya kwenda stendi, na watu walikuwa wanazunguka jengo zima kuifuata. Tukamwomba mwenye nyumba mambo mawili: atoboe mlango nyuma, na korido iwe mita 3.

Kwa nini mita 3? Mtu mwenye mfuko kila mkono anahitaji kama sentimita 75. Wawili wakipishana ni 150. Aliyesimama kuangalia bidhaa anachukua kama 60, na wakisimama pande zote mbili ni 120. Jumla ni mita 2.7, na kidogo cha kupumulia. Usizidishe sana pia. Korido ikiwa pana kupita kiasi, mtu anapita katikati na haoni vizuri bidhaa za upande wowote.

Mwenye nyumba alisita, maana kila frem ilipungua kina kwa sentimita 75, kutoka mita 5.25 hadi 4.5. Tukamwonyesha kwamba frem mbili za ndani zilikuwa hazina mpangaji. Akamwita fundi kwanza, ahakikishe kuta zinazosogezwa hazibebi jengo na nguzo haziguswi. Hatua hiyo msiiruke.

Nyuma ardhi ilikuwa chini kwa sentimita 30. Fundi alitaka ngazi mbili, sisi tukataka mteremko wa mita 3.6, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, na kijana wa toroli wote wanapita bila kusimama.

Baada ya hapo watu wa stendi wakaanza kukatiza katikati yetu. Maelekezo kwa wateja wa mtandaoni nayo yakawa mafupi: ingia mlango wa lami, nyoosha, frem ya nne kushoto.

Kilichotaka kuturudisha nyuma ni sisi wenyewe. Huyu anatoa mdoli nje, yule anatoa meza, na mita 3 zinabaki mbili. Dalili utaiona: watu wanageuka ubavu kupishana, na anayesimama kuchagua nguo anasukumwa, anaondoka. Tukapiga mstari wa rangi sakafuni, sentimita 20 kutoka kwenye frem, bidhaa isivuke hapo. Boda nazo haziegeshwi mlangoni. Na mlango wa nyuma ukifungwa mchana, tunarudi kule kule kwenye korido ya giza.

Kabla hujalipia frem ya ndani, simama mlangoni saa ya watu wengi na uhesabu wanaoingia na kutokea upande wa pili. Kama hakuna upande wa pili, muulize mwenye nyumba kuna nini nyuma ya ule ukuta.