Kibali, Kipimo, Ndipo Badiliko
Kijitabu kwa wauguzi na wakunga wa shahada ya uzamili wanaofanya utafiti tendaji wodini, Dodoma na Kanda ya Kati

Kwa nini tumeandika

Malalamiko yanayotufikia kutoka wodini yanafanana. Muuguzi anayesoma shahada ya uzamili anakuja na kazi ya chuo, anabandika karatasi ukutani, anawaambia wenzake kuanzia leo tufanye hivi, na baada ya wiki tatu anaondoka na picha za rejista kwenye simu yake. Inchaji hajui nani alimruhusu. Wakunga hawajui kilichopatikana. Naye mwanafunzi, akifika mbele ya msimamizi wake, hawezi kuonyesha kama huduma iliboreka kweli, kwa sababu hakupima hali ilivyokuwa kabla hajaibadilisha.

Tunasema mapema na tutarudia: kibali kwanza, kipimo cha hali ya awali kinafuata, badiliko linakuja mwisho. Ukigeuza mpangilio huu, kazi yako haitasimama, na pengine utakuwa umevunja sheria.

Nani anahusika

Kijitabu hiki kinamhusu mwanafunzi wa uzamili aliyesajiliwa, mwenye leseni hai ya uuguzi au ukunga na mwenye msimamizi chuoni. Masharti mengine yamo katika mwongozo wa chuo chako, usome.

Utafiti tendaji ni nini hasa

Kurt Lewin aliutumia msemo huu katika makala yake ya mwaka 1946. Alitaka utafiti unaopanga, kutenda na kukagua matokeo ya tendo, kisha kurudia hatua hizo kwa ufahamu mpya, huku wenye tatizo wakishiriki. Kwa wodi ya wazazi, maana yake ni kwamba mkunga wa zamu ya usiku ni mtafiti mwenzako. Tatizo mnalichagua pamoja, na hata tafsiri ya matokeo mnaifanya pamoja. Ukiamua peke yako halafu ukawapa wengine maagizo, umefanya usimamizi wa kawaida, na hapo usiite utafiti tendaji.

Nchi yetu si mgeni katika kazi hii. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kutumia kanuni za kaizeni kuboresha mazingira ya kazi na huduma, na kutoka hapo njia hiyo ilienea katika hospitali nyingine nchini. Ni jambo la kujivunia. Lakini kuzoea kuboresha ndiko kumewafanya baadhi yetu wadhani kwamba kibali hakihitajiki.

Kibali

Uboreshaji wa kila siku ni wajibu wa wodi. Ukiamua kukusanya taarifa za wagonjwa ili uandike ripoti ya shahada, umeingia kwenye utafiti. Utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, na barua ya uongozi wa hospitali, kwa kawaida ofisi ya Mganga Mfawidhi. Pale inapotakiwa, utahitaji pia kibali cha kitaifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Muulize msimamizi wako ni vipi kati ya hivyo vinakuhusu, tena muulize mapema, kwa maana kamati haziketi kila wiki.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za afya zinahitaji ulinzi wa pekee. Kwa hiyo picha ya ukurasa wa rejista ndani ya simu yako, yenye majina ya akina mama na vijiji vyao, ni hatari kwako na kwao. Usipige picha. Nakili namba tu kwenye fomu isiyo na jina, na fomu hizo zifungiwe kabatini wodini.

Neno moja kwa mwanafunzi ambaye ndiye inchaji wa wodi anayoifanyia utafiti. Mkunga aliye chini yako hatakukatalia kirahisi. Mtafute mtu mwingine asiye na mamlaka juu yao awaombe ridhaa, na ijulikane wazi kuwa atakayekataa hataathirika katika ratiba ya zamu wala katika tathmini yake.

Mfano: watoto wanaopoa

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Namba zake ni za kufundishia.

Dodoma iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti ni wa baridi kavu. Katika kikao cha wodi, wakunga wanasema watoto wengi wakiguswa miguu inakutwa ya baridi. Mwanafunzi anaandika jambo hilo, na wenzake wanakubaliana lifanyiwe kazi.

Shirika la Afya Duniani linahesabu joto la kawaida la mtoto mchanga kuwa nyuzi 36.5 hadi 37.5. Kuanzia 36.0 hadi 36.4 amepoa kidogo, na 32.0 hadi 35.9 amepoa kwa kiwango cha kati. Hapa kuna mtego ambao wengi hawauoni: vipimajoto vingi vya kawaida vya zebaki havisomi chini ya 35, hivyo mtoto mwenye nyuzi 34 ataonekana ana 35. Tafuta kipimajoto kinachosoma chini zaidi. Kisha kubalianeni jinsi ya kukitumia: kwapani, mkono ukibanwa, saa moja baada ya kuzaliwa. Mmoja akipima dakika ya 20 na mwingine saa ya pili, utakuwa unapima tofauti za wapimaji.

Wodi hii inazalisha watoto kama 10 kwa siku. Kila siku mbili wanahesabu, kati ya watoto 20, wangapi wamefikia 36.5. Kwa muda wa siku 20 hawabadilishi chochote. Wanapata namba 10: 11, 12, 13, 10, 12, 14, 11, 12, 13, 12. Zikipangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, namba ya katikati ni 12. Wanaichora kama mstari mlalo kwenye karatasi ya miraba.

Siku hizo 20 ndizo zinazorukwa kila mara. Mwanafunzi anaona zinampotezea muda, na muhula unakimbia. Lakini tazama namba hizo: zilipanda hadi 14 na kushuka hadi 10 bila mtu kufanya lolote. Aliyeanza na badiliko siku ya kumi halafu akaona 14 siku ya kumi na mbili angeshangilia bure.

Kupima bila kubadilisha hakumaanishi kutazama bila kusaidia. Mtoto akikutwa amepoa, apashwe joto papo hapo kwa kuwekwa ngozi kwa ngozi na mama, na daktari aitwe kama hali inadai. Hakuna utafiti unaokuruhusu kumwacha.

Mizunguko

Mzunguko una hatua nne: panga, tenda, chunguza, chukua hatua. Kabla ya kutenda, andika unachotabiri. Bila utabiri ulioandikwa, hatua ya tatu haina cha kuchunguza.

Mzunguko wa kwanza ni mdogo kwa makusudi: mkunga mmoja, zamu moja ya asubuhi, mama mmoja aliyejifungua salama. Mtoto anakaushwa na kulazwa kifuani kwa mama, na kupimwa uzito kunasubiri saa moja ipite. Wanatabiri kwamba mzani ndio unaowapoza watoto. Kinachoonekana ni kingine. Mama amekuja na kitenge kimoja tu, kimemkaushia mtoto, na sasa kitenge hicho hicho kilicholowa ndicho kinachomfunika. Saa moja baadaye ana 36.1.

Huu ndio mzunguko wenye thamani kubwa kuliko yote katika kazi hii, na wengi huuficha kwa kuona aibu. Uandike kwenye ripoti kama ulivyotokea, pamoja na utabiri uliokosea.

Mzunguko wa pili, kwa akina mama watano: nguo mbili kavu zinaandaliwa mapema, moja ya kukaushia ambayo inaondolewa, nyingine ya kufunika mtoto akiwa kifuani, na kofia kichwani. Mzunguko wa tatu unaingia zamu ya usiku, ambako mkunga ni mmoja. Anasema hawezi kukumbuka nguo ya pili huku anahudumia mama mwingine. Wanakubaliana nguo zote mbili ziwekwe kando ya kitanda mama anapoingia chumba cha kujifungulia. Wazo hilo lilitoka kwa mkunga wa usiku, si kwa mwanafunzi.

Kila mzunguko upimwe pia madhara yake. Mtoto aliye kifuani anaweza kuzibwa pua, kwa hiyo atazamwe anavyopumua na rangi yake. Nguo ya kumfunika mtoto isimfanye mkunga aache kukagua damu ya mama na kushika tumbo la uzazi. Sindano ya vitamini K isisahaulike kwa kuwa mzani umeahirishwa.

Utajuaje kama imefaa

Baada ya zamu zote kuanza utaratibu mpya, namba zinakuja hivi: 13, 12, 14, 15, 14, 16, 15. Iliyoangukia kwenye mstari wenyewe, yaani 12, haiondolewi kwenye chati, ila haihesabiwi. Zinabaki sita mfululizo upande wa juu. Sita mfululizo upande mmoja wa mstari wa katikati ni dalili kwamba jambo limebadilika kweli. Tatu au nne haziwezi kukuambia lolote.

Hata hivyo, dalili haisemi sababu. Tuseme ulianza kupima Julai, na siku zinavyosogea kuelekea Oktoba Dodoma inapata joto. Huenda hewa ndiyo iliyowapasha watoto. Kwa sababu hiyo kipimajoto cha ukutani kinapaswa kusomwa tangu siku ya kwanza, kila zamu, na usomaji uandikwe chini ya kila nukta. Chumba cha kujifungulia kinatakiwa kiwe na nyuzi 25 au zaidi. Kama usiku wenye chumba cha nyuzi 21 nao sasa una watoto wenye joto la kutosha, hoja yako ina nguvu. Kama waliopata joto ni wa siku za joto tu, sema hivyo kwenye ripoti, na msimamizi makini atakuheshimu.

Mwishoni rudisha chati kwa wakunga. Iwekwe ukutani bila jina la mtu, mkae nayo kikaoni, nao waseme wanaionaje. Maneno yao yaingie kwenye ripoti.

Tunarudia kwa mara ya mwisho. Nakala ya kibali ikabidhiwe kwa inchaji kabla ya siku ya kwanza ya kupima, na siku za kipimo cha awali zitimie kabla ya badiliko lolote. Mwanafunzi asiye na nakala hiyo asifunguliwe rejista ya wodi, hata kama ni mwenzetu na hata kama muhula unaisha kesho. Inchaji anayemzuia anafanya kazi yake, usimlaumu.