Kuondoa Vizuizi Visivyo vya Somo Katika Mchezo Mdogo wa Kompyuta

Katika makala haya tutaeleza jinsi tulivyousahihisha mchezo mmoja mdogo wa kuhesabu, tulioutengeneza pamoja na wanachuo kwa programu ya Scratch, ili watoto wasioona rangi sawasawa, wasiosikia vizuri au wenye udhaifu wa mkono waweze kuucheza. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha.

Mchezo ulikuwa hivi. Nyanya huanguka kutoka juu ya skrini, nyingine nyekundu na nyingine za kijani. Sauti humwambia mtoto aokote nyanya tano zilizoiva, naye husogeza kapu kushoto na kulia kwa vitufe vya mishale. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mvulana mmoja wa Darasa la Pili alishindwa mara nne mfululizo. Kila mara kapu lake lilijaa nyanya mchanganyiko. Katika daftari la maendeleo tuliandika kwamba hawezi kuhesabu hadi tano.

Siku ya pili tulimpa vizibo vya soda. Alivihesabu hadi thelathini bila kosa. Ndipo tulipoweka nyanya halisi mezani na kumwomba atenge zilizoiva. Hakuzitazama sana, alizibonyeza moja moja kwa vidole, na zilizokuwa laini akaziweka upande. Hapo tulitambua kwamba huenda anachanganya nyekundu na kijani. Mwalimu si daktari, na upimaji wa macho ni kazi ya hospitali. Lakini maneno yale ya daftarini ilitubidi kuyafuta siku hiyo hiyo. Mchezo wetu haukuwa umepima kuhesabu. Ulikuwa umepima macho.

Upofu wa rangi wa namna hii kwa kawaida ni wa kurithi, nao huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini ni kama 8 katika kila 100. Kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo.

Hatua ya kwanza: rangi isibaki peke yake

Wanachuo walipendekeza tubadili rangi tu, nyekundu iwe ya chungwa na kijani iwe buluu. Tulipojaribu, kapu liliacha kuokota. Sababu ilikuwa ndani ya programu: tulikuwa tumetumia amri `touching color`, ambayo huitambua nyanya kwa rangi yake. Rangi ilipobadilika, kompyuta nayo haikuiona nyanya tena. Tuliiondoa amri hiyo na kuweka `touching`, inayotaja jina la picha badala ya rangi. Yeyote anayebadili rangi za mchezo hana budi kutazama jambo hili kwanza.

Kisha tuliichorea nyanya iliyoiva mistari mitatu mipana, myeupe, na ile mbichi tukaiacha bila alama. Ili kupima, tuliipiga skrini picha kwa simu, tukaigeuza picha hiyo kuwa nyeusi na nyeupe. Picha ya zamani ilionyesha nyanya zote za kijivu kimoja. Katika mpya, mistari ilionekana hata kutoka hatua tatu.

Je, alama hizi ziwe za kuchagua? Tuliamua ziwepo daima, kwa watoto wote. Mtoto wa miaka saba asiyetofautisha rangi hajui kwamba wenzake wanaona vingine, hivyo hawezi kuchagua msaada asiojua kuwa anauhitaji.

Hatua ya pili: vitufe vya kuchagua

Vitufe vya mishale huwa upande wa kulia wa kibodi. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto pekee huvifikia kwa taabu. Kwa hiyo tulihifadhi vitufe kwa majina mawili, `kushoto` na `kulia`, na mwanzoni mwa mchezo programu humwomba mtoto, au mwalimu kwa niaba yake, aandike herufi anazotaka, kwa mfano A na D. Katika sehemu ya kusogeza kapu tuliandika:

```
if <key (kushoto) pressed?> then
  change x by (-10)
end
if <key (kulia) pressed?> then
  change x by (10)
end
```

Kosa la kuangalia hapa ni herufi moja kuchaguliwa mara mbili. Kapu litaenda hatua kumi kushoto na papo hapo kumi kulia, nalo litaonekana limesimama. Mtoto atadhani kibodi imeharibika. Iongezwe amri ya kulinganisha herufi hizo mbili, na zikiwa sawa swali liulizwe tena.

Hatua ya tatu: maandishi ya sauti

Agizo la mchezo lilikuwa la sauti tu. Mara ya kwanza tulitumia amri ya kuonyesha maandishi kwa sekunde mbili, kisha sauti. Matokeo yake maandishi yalitoweka kabla sauti haijaanza, na msomaji wa polepole hakufika mwisho wa sentensi. Mpangilio ufaao ni huu:

```
say [Okota nyanya tano zilizoiva]
play sound (agizo) until done
wait until <key (space) pressed?>
say []
```

Maandishi hubaki mpaka mtoto mwenyewe abonyeze kitufe kirefu cha chini. Sauti zisizo maneno nazo ziandikwe iwapo zina maana. Kengele yetu ya kuonyesha kwamba kapu limejaa tuliiandikia: Kengele inalia, kapu limejaa.

Hatua ya nne: kasi, si hesabu

Mwanachuo mmoja alitaka kiwango rahisi kiwe cha kuokota nyanya mbili badala ya tano. Tulikataa, kwa kuwa kuhesabu hadi tano ndilo somo lenyewe. Kilichofaa kupunguzwa ni mwendo. Nyanya yetu hushuka hatua 300 kutoka juu hadi kwenye kapu, na Scratch hurudia amri zake kama mara 30 kwa sekunde. Tukishusha nyanya hatua 5 kila mara, itafika baada ya sekunde 2. Tukiishusha hatua 2, itafika baada ya sekunde 5. Tuliihifadhi namba hiyo kwa jina la `kasi`, na mtoto huchagua kati ya 2, 3 na 5. Mchezo wa Celeste, uliotolewa mwaka 2018, nao humruhusu mchezaji apunguze kasi bila kubadili njia anayopaswa kuipita.

Angalizo moja: tulikuwa tumeiandika namba ya kasi chini ya amri ya bendera ya kijani, inayoanzisha mchezo. Hivyo kila mchezo ulipoanza upya, uchaguzi wa mtoto ulifutika. Dalili yake ni mtoto anayecheza vizuri mara ya kwanza na kushindwa mara ya pili.

Mvulana wetu alirudi mchezoni baada ya wiki moja. Kwa kasi ya 5, ile ile ya mwanzo, aliokota nyanya tano zilizoiva. Kilichobadilika kwake ni mistari mitatu tu. Hata hivyo, mchezo huu bado haumfai mtoto asiyeona kabisa. Kwake vizibo vya soda vinafundisha vizuri zaidi.

Zoezi

Chukua mchezo mmoja unaotumika katika shule yako ya mazoezi. Andika kwa sentensi moja somo lake, kisha orodhesha kila jambo ambalo mtoto lazima aone, asikie au afanye kwa mkono ili afaulu. Yale yasiyomo katika sentensi yako ya kwanza ndiyo ya kusahihisha, nayo yasahihishwe kabla hujaandika neno lolote katika daftari la maendeleo.