Mama anainuka kwa kushika meza

*Daktari, mama yangu ana miaka 72. Siku hizi hainuki kitini bila kushika meza. Anasema ni uzee tu. Je, ni kweli? – Binti, Morogoro*

Binti, uzee umechangia, lakini mara nyingi kinachopungua ni nguvu za mapaja na makalio, na hizo hurudi zikifanyishwa kazi.

Mpime hivi. Egemeza ukutani kiti kigumu kisicho na mikono, chenye kimo cha sentimita 43 hivi. Akunje mikono kifuani, asimame wima na kuketi tena kwa sekunde 30, nawe usimame karibu ukihesabu. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara 10 ni dalili ya udhaifu na hatari ya kuanguka. Akitumia mikono, andika sifuri.

Sifuri isiwatishe. Weka blanketi lililokunjwa kitini. Kiti kikiinuka, kazi hupungua. Avute miguu nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, ndipo asimame. Kuketi nako kuna faida kubwa: ashuke polepole akihesabu hadi tatu, asijibwage. Afanye mara nane, apumzike, arudie, siku tatu kwa wiki. Akizoea, punguza blanketi. Mpime tena baada ya wiki sita.

Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache, mwende hospitali. Mpeleke pia kama ameshaanguka au goti limevimba. Udhaifu wa ghafla wa upande mmoja ni dharura.