Embe la Zuhura: Kisa cha Kumsimulia Mtoto wa Miaka Saba



Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa (4:37), imeamrisha wema kwa jirani aliye ndugu na kwa jirani aliye mgeni, na imewataja wote wawili pamoja na wazazi, mayatima na maskini. Mtu mzima akisomewa aya hiyo huelewa mara moja. Lakini mtoto wake wa miaka saba hajui haki ya jirani ni kitu gani. Embe analijua, na mtoto wa nyumba ya pili anamjua. Basi na tuanzie hapo.

Umri huo wa miaka saba si wa kubahatisha. Mtume Muhammad s.a.w. aliwaelekeza wazazi waanze kuwaamrisha watoto wao Sala wafikapo umri huo. Tena watafiti waliowapima watoto wa Uswisi kwa kuwagawia peremende, na kutangaza matokeo yao mwaka 2008, waliona kwamba watoto wadogo wa miaka mitatu na minne aghalabu walijipendelea, bali wengi wa wale wa miaka saba na minane walichagua mgawo ulio sawa, hata pale ambapo wangeweza kujiongezea. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka saba ameanza kuuona usawa kwa macho yake mwenyewe. Hahitaji kutishwa wala kuhubiriwa. Msimulie kisa hiki polepole, kabla hajalala.

*

Zuhura alikuwa na miaka saba. Nyumba yao ilikuwa Tabora, mji wenye miembe mingi. Siku moja bibi yake alimletea embe dodo moja, kubwa, zito, lakini bado gumu. Mama akaliweka dirishani.

Kila asubuhi Zuhura alilinusa. Siku ya kwanza halikunukia. Siku ya pili lilinukia kidogo. Siku ya tatu harufu yake ilijaa chumba kizima, na alipolibonyeza kwa kidole likabonyea.

"Mama, limeiva!"

"Limeiva, mwanangu. Ni lako."

Zuhura akatoka nalo, akaketi kizingitini. Ng'ambo ya ua wa minyaa, Yohana, mtoto wa jirani, alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Yohana akalitazama embe. Hakuomba. Akainamisha uso, akaanza kuchora ardhini kwa kijiti.

Zuhura akamgeuzia mgongo. Lakini hata alipomgeuzia mgongo alisikia kile kijiti: kwaru, kwaru, kwaru. Akasimama, akarudi ndani.

"Mama, embe moja hugawanywaje?"

Mama akachukua kisu. Akakata shavu moja la embe, akakata na shavu la pili. Kisu kilikwenda upande, kwa hiyo shavu moja likawa kubwa na jingine dogo. Katikati likabaki kokwa, limezungukwa na nyama ya manjano.

Zuhura akaweka shavu dogo kwenye sahani, akaenda hadi penye ua. Shavu kubwa alilishika mkono wa pili, akalificha nyuma ya mgongo. Maji ya embe yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Yohana akaona yale matone yakidondoka chini, lakini hakusema neno.

Zuhura akautoa mkono nyuma. Akaliweka shavu kubwa kwenye sahani, kando ya lile dogo.

"Chagua," akasema.

Yohana akatazama moja, akatazama la pili. Akachukua dogo.

"Mbona umechukua dogo?"

"Embe ni lako."

Wakala. Kisha Zuhura akalikumbuka kokwa! Akakimbia kulichukua. Yeye akalifyonza mara tatu, Yohana akalifyonza mara tatu, mpaka likawa jeupe na nyuzi zikawakwama menoni.

"Haya, njooni mkanawe midomo," Mama akaita, "utomvu usije ukawawasha."

"Shikamoo, Mama Zuhura," akasema Yohana, na kidevu chake chote kilikuwa cha manjano.

*

Sasa, msomaji, tazama mambo machache ambayo msimuliaji akiyaharibu, kisa kizima huharibika.

La kwanza ni kwamba mama hakumwambia Zuhura, "Mpe mwenzako." Alisema embe ni lake, na lilikuwa lake kweli. Mtoto aliyenyang'anywa nusu ya embe kwa amri ya mkubwa hajifunzi kugawa. Hujifunza kula haraka kabla hajaonekana. Amri ina mahali pake, lakini si ndani ya kisa hiki.

La pili ni mgawo wenyewe. Embe si kama chungwa, ambalo vipande vyake hutengana vyenyewe. Lina kokwa pana katikati, na mkataji hodari kabisa hawezi kutoa nusu mbili zilizo sawa. Hapo ndipo penye mtihani, kwa kuwa ni rahisi kumpa jirani kilicho kidogo na kujihesabia kwamba umegawa. Kurani Tukufu (3:93) imeeleza kwamba hatuufikii wema hasa mpaka tutoe katika vile tuvipendavyo. Kwa hiyo, ukifika pale mkono ulipofichwa nyuma, nyamaza kidogo. Muulize mtoto: "Zuhura ameficha nini?" Akicheka kwa aibu, amefahamu. Akisema, "Amefanya vizuri, embe ni lake," usimkemee; muulize Yohana aliona nini, kisha endelea.

La tatu: usimalizie kwa Zuhura kuletewa maembe mawili kesho yake. Wasimuliaji wengi hupenda mwisho huo. Ni kweli kwamba kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na hiyo ni desturi njema. Lakini mtoto wa miaka saba akiisikia ndani ya kisa ataichukua kuwa ni biashara, naye atakapotoa embe lake atakaa akingoja bei.

La nne lawahusu hasa ninyi mlioingia katika Islam karibuni, ambao majirani wenu, na pengine wazazi wenu, wako katika dini nyingine. Mtoto aweza kuuliza: "Lakini Yohana si Mwislamu?" Mwambie habari ya Abdallah bin Amr r.a., sahaba wa Mtume s.a.w. Siku moja alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, naye akauliza, tena akarudia kuuliza, kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa fungu lake. Alieleza kwamba alimsikia Mtume s.a.w. akisema jinsi Jibrili alivyomuusia juu ya jirani, mpaka akadhani kwamba jirani atafanywa mrithi.

Mtoto mwerevu ataleta na maswali mengine. Atauliza: kama majirani ni wawili na kipande ni kimoja? Bibi Aisha r.a. aliuliza jambo hilo hilo, na Mtume s.a.w. akamjibu kwamba apewe yule ambaye mlango wake u karibu zaidi. Naye atauliza: je, kama embe ni dogo mno, halimtoshi hata mwenyewe? Wanazuoni wamepokea juu ya hili mafundisho ambayo mapokezi yake yana udhaifu, lakini maana yake yaafikiana na yaliyotangulia: ukinunua matunda, mpe jirani, na kama huwezi, yaingize nyumbani kwa siri, wala mwanao asitoke nayo nje akamtia uchungu mtoto wa jirani. Embe dogo, basi, huliwa ndani, na maganda yake hayatupwi mbele ya mlango wa Yohana.