Fenesi, Stafeli na Topetope: Kuyatambua kwenye Picha na Kujua Yalipofikia

Njia panda ya Usagara, wilayani Misungwi, inaunganisha barabara ya Mwanza mjini, ya Shinyanga, na ile inayovuka ziwa kwenda Sengerema na Geita. Tangu Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la matunda kutoka ng'ambo halingojei tena kivuko. Lakini tunda lenyewe mara nyingi linanunuliwa kabla halijapakiwa. Mkulima anapiga picha kwa simu, anaituma, na mnunuzi anaamua kwa kuangalia ngozi tu. Kijitabu hiki kinawahusu watu hao wawili.

Matunda matatu yanayochanganywa sana kwenye picha ni fenesi, stafeli na topetope, ambalo wengine huliita tomoko. Yote yana ngozi yenye vinundu, na yote huwa ya kijani yakiwa machanga. Picha haina mizani, kwa hiyo fenesi changa na stafeli kubwa vinaweza kuonekana na ukubwa mmoja. Tofauti imo kwenye ngozi.

Soma ngozi kabla ya umbo

Fenesi halina sehemu laini hata moja. Ngozi yote imejaa vinundu vifupi, vigumu, vyenye ncha na pande kadhaa, vimebanana kuanzia kikonyo hadi chini. Kila kinundu kilitokana na ua lake dogo. Fenesi zima ni kundi la maua yaliyoungana, ndiyo maana vinundu ni vingi mno kuhesabika. Likiwa bado mtini, utaliona linaning'inia kwenye shina au tawi nene, likiwa na kikonyo kinene kinachotoka utomvu mweupe kikikatwa.

Stafeli lina miiba michache, mirefu kidogo, laini, iliyopinda kama kulabu. Kati ya mwiba na mwiba unaiona ngozi yenyewe, nyembamba na ya kijani. Umbo lake ni la yai au moyo, na mara nyingi limepinda upande mmoja. Kupinda huko si ugonjwa. Stafeli hutokana na ua moja lenye vyumba vingi vya mbegu, na upande ambao chavua haikufika vizuri haujai, unabaki umebonyea. Ukiona tunda lenye miiba iliyoachana na kiuno kilichoingia ndani upande mmoja, usiliite fenesi.

Topetope linalouzwa sana ni dogo, linatosha kwenye kiganja, na halina mwiba. Ngozi yake ni magamba ya mviringo yaliyovimba, yamepakwa ungaunga wa kijivu unaofutika kwa kidole. Liko jamaa yake lenye ngozi karibu laini, lililochorwa mistari kama wavu, ambalo huwa na wekundu au hudhurungi likiiva. Hilo nalo wengi huliita topetope, na muuzaji hakosei. Muulize tu ni lenye magamba au lenye mistari.

Nafasi kati ya vinundu ina habari kuliko rangi

Tunda lililokomaa limemaliza kukua na linaweza kuivia nyumbani. Tunda lililoiva ni la kula sasa. Changa likichumwa, hasa stafeli, linasinyaa au kuwa jeusi bila kuwa tamu, na hakuna kulifunika wala kulifukia kutakakolisaidia.

Rangi ndiyo watu hutazama kwanza, na ndiyo inayodanganya zaidi kwenye picha. Tunda lililopigwa picha chini ya turubai la rangi ya chungwa linaonekana limeanza kuwa la njano hata kama ni bichi kabisa. Taa ya njano jikoni inafanya vivyo hivyo. Dalili inayostahimili mwanga mbaya ni nafasi. Nyama ya ndani inapojaa, ngozi inavutwa, na vinundu vinaachana.

Kwenye fenesi changa ncha zimebanana na ni kali. Likikomaa zinapanuka na kulala bapa. Kwenye stafeli miiba iliyokaribiana kwenye ngozi ya kijani kibichi yenye kung'aa ni dalili ya uchanga. Likikomaa miiba huachana, mng'ao hupungua, na kijani huelekea njano kidogo. Topetope ndilo rahisi kuliko yote: mifereji kati ya magamba inapanuka na kugeuka rangi ya maziwa au njano hafifu, wakati magamba yenyewe bado ya kijani. Magamba yakianza kuachana kabisa hadi nyama ionekane, limeiva na halitavumilia safari.

Picha moja, hatua kwa hatua

Tuseme umetumiwa picha ya tunda la kijani limelala juu ya gunia, hakuna kitu kingine pembeni, na ujumbe unasema: "Fenesi limekomaa."

Kuza picha. Nyuzi za gunia zinakupa kipimo, na hapa tunda lina upana wa nyuzi chache kuliko ungetarajia kwa fenesi. Tazama ngozi: miiba imepinda, na kati yake kuna ngozi tupu. Upande wa kulia umebonyea. Hilo ni stafeli. Sasa tazama nafasi: miiba bado imekaribiana, na ngozi inang'aa. Muuzaji huenda hadanganyi. Pengine jina analolitumia ni lingine, na ukubwa umemfanya aamini limefika.

Usitume pesa wala usilikatae. Omba picha ya pili: "Kaka, lisogeze kivulini mchana, weka sarafu ya mia mbili pembeni, nipigie ubavu na sehemu ya kikonyo." Kivuli cha mchana hutoa rangi ya kweli kuliko jua kali na kuliko taa. Picha ya pili ikirudi na miiba iliyobanana vilevile, mwambie kama bado liko mtini aliache, na kama limeshachumwa usilinunue.

Mambo ambayo picha haiwezi kukuambia

Stafeli lililokomaa huchumwa likiwa gumu na huiva kwa siku nne au tano hivi. Lililoiva hubonyea kidogo chini ya dole gumba, na baada ya hapo halikai zaidi ya siku mbili. Kubonyea hakuonekani kwenye picha tuli. Omba video fupi muuzaji akilibonyeza polepole karibu na kikonyo. Ncha za miiba kuwa nyeusi kidogo si tatizo, lakini doa jeusi lililolowa ni kuoza.

Kwa fenesi omba sauti. Aligonge kwa kiganja huku simu ikirekodi. Changa hutoa sauti kavu ya kitu kilichoshikamana. Lililokomaa hutoa sauti nzito yenye uwazi ndani. Muulize pia kuhusu harufu: lililoiva hunukia hadi mlangoni, na lisilo na harufu lakini linatoa sauti nzito litahitaji siku kadhaa. Hilo ndilo la kusafirisha.

Mbegu za stafeli na topetope zitolewe zote kabla ya kusaga juisi, kwa sababu zina sumu, na unga wake ukiingia machoni huumiza vibaya. Za fenesi huchemshwa na kuliwa.

Na yako mafenesi yenye nyama laini inayoteleza, na mengine yenye nyama ngumu ya kutafuna. Ngozi zake hufanana, hata ukiwa umelishika mkononi. Muulize mwenye mti, maana yeye alikula la mwaka jana.